Ombi la kubadilishiwa monita ya inchi 27 yenye pikseli zilizokufa

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Habari za kazi. Ujumbe huu unahusu monita ya inchi 27, paneli ya IPS, 2560×1440, niliyoinunua dukani kwenu Kariakoo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 kwa shilingi 780,000. Picha ya risiti ya EFD nimeiambatisha, pamoja na ya stika ya nyuma yenye namba ya mfululizo ya kifaa. Nilifungua boksi Jumapili tarehe 15 na kasoro zilionekana siku hiyohiyo. Naomba nibadilishiwe, nipewe nyingine mpya ya modeli hiyohiyo.

Kioo kina pikseli nne mbovu. Tatu zimekufa kabisa, ni nyeusi kwenye rangi zote, na zimesongamana karibu na katikati: ya kwanza iko pikseli ya 1312 kutoka kushoto na ya 655 kutoka juu, ya pili 1313 na 655, ya tatu 1313 na 657. Kwa rula ni takriban sentimita 30.6 kutoka ukingo wa kushoto wa picha na sentimita 15.3 kutoka juu. Ukifungua ukurasa mweupe zinaonekana kama kinyesi cha nzi, na ukiwa umbali wa mkono mmoja jicho linazirudia kila mara. Ya nne imeganda kwenye nyekundu, chini kushoto (402, 1190). Hiyo kwenye nyeupe huioni. Kwenye nyeusi inawaka nyekundu, kwenye buluu inageuka zambarau, na kwenye kijani inakuwa njano.

Fundi wenu anaweza kuhakiki kwa dakika mbili bila kuweka programu yoyote. Aandike mstari huu kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari cha kompyuta, abonyeze Enter, halafu F11 ili rangi ijaze kioo:

```
data:text/html,<body style="background:white">
```

Kisha abadilishe neno `white` kuwa `black`, `red`, `lime` na `blue`, moja baada ya nyingine. Kwa kijani atumie `lime`, kwa sababu `green` ni kijani chenye mwanga mdogo na kasoro hafifu hupotea humo. Kioo kifutwe kwanza kwa kitambaa kikavu laini.

Najua swali la kwanza litakuwa kama tatizo ni waya au kompyuta, kwa hiyo nimelimaliza mapema. Nimejaribu kwa HDMI na kwa DisplayPort, kwa kompyuta mbili tofauti, madoa hayakuhama. Picha ya skrini iliyopigwa na kompyuta yenyewe, ikifunguliwa kwenye simu, haina doa lolote. Nimechomoa waya wa picha na kuisogeza menyu ya monita juu ya eneo lile: weusi unabaki palepale ndani ya menyu, ilhali menyu inachorwa na monita yenyewe. Nimerudisha pia mipangilio ya kiwandani. Waya mbovu ungeleta mistari, chenga au picha kukatika, si nukta tatu zisizosogea.

Si vumbi pia. Vumbi lililonaswa chini ya tabaka za mwanga huwa na kingo zenye ukungu, na ukitazama kwa pembeni huonekana kuhama kidogo. Hizi, chini ya kioo cha kukuzia, ni miraba yenye kingo kali iliyokaa sawasawa kwenye mistari ya pikseli (picha namba 3 na 4). Picha zina mawimbi kidogo kwa sababu kamera ya simu hugongana na mistari ya kioo. Video ya sekunde 40 iko wazi zaidi, inaanzia kwenye stika ya nyuma na kuishia kwenye madoa bila kukatwa.

Kuhusu kutengeneza: tafadhali tusipoteze muda huko. Kila pikseli ina vipande vitatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila kipande kina transista yake ndani ya kioo. Kwenye IPS, kipande kisichopata umeme huziba mwanga, ndiyo maana pikseli iliyokufa ni nyeusi. Hakuna fundi anayefikia transista hiyo. Dawa ni kubadilisha paneli nzima. Ile nyekundu, ambayo imeganda tu, nimeipigia rangi za kubadilika haraka kwa saa mbili, haikuachia. Sijaikandamiza kwa kidole wala kitambaa, na ninaomba asiikandamize mtu yeyote, maana hapo ndipo pikseli moja hugeuka kuwa doa la kudumu.

Kijana wa kaunta aliniambia kwa simu kwamba "pikseli chache zinaruhusiwa". Kweli, viwanda huweka kiwango, na kama ingekuwa nukta moja pembeni nisingeandika. Lakini kiwango kinachotajwa mara nyingi, daraja la pili la ISO 13406-2 (nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241-307 mwaka 2008), hakihesabu idadi peke yake. Kinaruhusu pikseli 2 zilizokufa kwa kila pikseli milioni moja, na kioo hiki kina 3,686,400, kwa hiyo kwa idadi mngeweza kunishinda. Kwa mkusanyiko hapana: zaidi ya pikseli moja iliyokufa ndani ya mraba wa 5×5 haikubaliki, na hapa ziko tatu. Zaidi ya hayo, nyuma ya risiti yenu pameandikwa kwamba bidhaa yenye ubovu hubadilishwa ndani ya siku 7, bila kutaja idadi ya pikseli. Siku hizo zinaisha Jumamosi tarehe 21 Juni, na ujumbe huu umetumwa Jumatatu tarehe 16.

Ninachoomba ni monita mpya iliyofungwa, si iliyorudishwa na mteja mwingine, si iliyotengenezwa. Ifunguliwe kaunta, iwashwe, na ipitishwe kwenye rangi zile tano mbele yangu kabla sijasaini kuipokea. Kama hakuna modeli hiyo na haitafika kufikia Ijumaa tarehe 20, nirudishiwe shilingi 780,000 kwa njia ileile niliyolipia. Punguzo ili nibaki na hii sitalichukua; kazi yake ni kupanga kurasa za vitabu, na nukta nyeusi katikati ya karatasi nyeupe inafanana mno na alama ya uandishi.

Kila kitu kimo ndani ya boksi lake: maboya yote mawili, kishikilio na skrubu zake 4, waya wa umeme, waya wa HDMI na kijitabu. Nailoni ya kingo sijaibandua. Nitaileta mwenyewe kwa bajaji, imesimama wima, kioo kikitazama upande wa boya nene. Haitapanda bodaboda, na naomba hata nyie msiitume hivyo. Nauli ya kuleta nitalipa mimi. Ya kurudi na nyingine naomba iwe juu yenu, kwani kasoro imetoka na mzigo.

Naomba mnijibu kwa maandishi kabla ya Jumatano saa kumi jioni: ipo au haipo stoo, na nije saa ngapi. Asubuhi ndiyo nafuu kwangu, kabla barabara za Kariakoo hazijajaa foleni.

Asanteni,
Mteja wenu, monita ya inchi 27, risiti ya 14 Juni 2025