Jina Daftarini, Kura Sandukuni, Amani Mitaani

Umetimiza miaka 18? Hongera! Ila kutimiza umri si kujiandikisha, na kitambulisho mfukoni hakikupigii kura. Jina lisipokuwamo daftarini, siku ya uchaguzi utafika kituoni umependeza, utapanga foleni kama wenzako, karani atapekua orodha mara mbili, kisha atakuambia pole. Kwa kawaida daftari hufungwa mapema kabla ya kura, na likishafungwa machozi hayalifungui.

JIANDIKISHE MAPEMA, FOLENI YA SIKU YA MWISHO TUNAIJUA!

Nenda mwenyewe, hili halitumwi mtu. Soma jina lako herufi kwa herufi ukiwa bado mbele ya karani. Likikosewa, sema hapo hapo. Orodha ikibandikwa kwa ukaguzi, rudi ujitafute. Na jiandikishe mahali pamoja tu. Mara mbili ni kosa la jinai.

KURA YAKO SIRI YAKO!

Si ya baba, si ya mchumba, si ya aliyekugawia fulana. Fulana vaa, ukipenda, lakini ndani ya kile kijichumba unaingia peke yako. Weka alama moja, kwenye nafasi ya unayemtaka. Usiandike jina lako wala usimwage matusi, hata kama unaona yanawastahili, kura inaweza kuharibika. Ukikosea usifutefute: mrudishie msimamizi karatasi akupe nyingine, maana ikishatumbukia sandukuni imekwenda. Ikunje taratibu, wino mbichi usije ukachapa alama ya pili kwa mgombea mwingine. Simu ibaki mfukoni. Picha ya karatasi yako ndiyo risiti anayoidai mnunuzi wa kura.

TUSHINDANE KWA KURA, SI KWA MAWE!

Aliye mbele yako kwenye foleni huenda anamchagua yule usiyetaka hata kumsikia. Ni haki yake, kama ilivyo yako. Mpisheni mzee, mpisheni mjamzito, mpisheni mwenye ulemavu.

Akija mtu na noti mkononi, anakunong'oneza mkutane njiapanda usiku na marungu, muulize swali moja: mwanao naye anakuja? Subiri jibu.

Jioni simu zitaanza kulia: fulani kashinda, fulani kaibiwa. Kabla hujasambaza, nani kasema? Matokeo hutangazwa na tume, si na kundi la mtandaoni. Asiyeridhika afuate njia za sheria, tena kwa muda uliowekwa. Aliyeshinda naye asiende kumchezea jirani ngoma mlangoni. Kesho mtaazimana chumvi.

Ewe unayepiga kura kwa mara ya kwanza, kitambulisho unacho? Mwenzako wa darasani je, kajiandikisha? Mpitie, mwende wote leo.

JINA DAFTARINI! KURA SANDUKUNI! AMANI MITAANI!