Zawadi ya harusi ya Mwanaisha

Tanga,
5 Mei 2025

Mzee wangu Mbarouk,

Assalaamu alaykum, na shikamoo.

Mzigo wako ulifika Jumamosi jioni. Mama Mwanaisha alipofungua kile kisanduku na kuona mkufu, bangili na herini, alikaa kimya kisha akakuombea dua ndefu. Nami nashukuru kwa moyo wote. Kumkumbuka binti yangu namna hii ni mapenzi ya mzazi, na ndivyo nilivyoyapokea.

Hata hivyo, mzee wangu, dhahabu hii siwezi kuipokea. Naomba uniwie radhi. Mimi ni mtumishi wa umma na kazi yangu ni ununuzi wa hospitali. Wewe unatuuzia magodoro na mashuka. Zabuni za mwaka wa fedha unaoanza Julai zitapitia mfumo wa NeST, nawe utaomba kama wengine. Ukishinda, sitaki atokee mtu wa kusema ulishinda kwa mkufu. Biashara yako umeijenga kwa mali nzuri na kauli ya kweli. Mwaka jana shehena ilipochelewa ulikuja mwenyewe ofisini kutueleza, hukutuma kijana. Jina la namna hiyo halifai kutiwa doa, hasa kwa sababu yangu.

Nia yako siitilii shaka hata kidogo. Nimemwandikia mkuu wangu wa kazi kwamba zawadi ililetwa kwa ajili ya harusi na kwamba nimeirudisha, ili pasiwe na neno juu yako wala juu yangu. Ankara yenu ya Aprili inaendelea na taratibu zake kama kawaida; jambo hili haliigusi.

Barua hii inakuja na mdogo wangu Rashidi, pamoja na kisanduku na risiti ya sonara iliyokuwa ndani yake. Tafadhali kifungue mbele yake mhakikishe kila kitu kimo, ndipo umruhusu aondoke. Halua sikuirudisha, kwani majirani waliimaliza usiku uleule, na wote wanakusalimu.

Tunachokitaka kwako ni kufika kwako. Nikaha itafungwa Ijumaa, tarehe 23 Mei, baada ya sala ya Alasiri, kwenye msikiti wa mtaani kwetu, kisha chakula nyumbani. Njoo na Bi Mkubwa na vijana. Mwanaisha ameomba umwombee dua baada ya nikaha, na mimi nimemwahidi kuwa hutamnyima. Ikiwa magoti bado yanakusumbua, mwambie Rashidi, tutakufuata kwa gari.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Salehe