Dakika tano za mwisho pale Oakland: Cavaliers na Warriors, mechi ya saba, fainali ya mpira wa kikapu ya NBA 2016

MTANGAZAJI: Naam naam naam msikilizaji, kama ndo kwanza umefungua redio pole sana umekosa mengi, ila nakuhakikishia lenyewe hasa bado! Alfajiri ya Jumatatu Juni 20 huku kwetu, kule Oakland California bado ni Jumapili jioni, mliokula daku mkagoma kurudi kitandani nawaona, mlioko lindoni nawaona, madereva mnaosubiri abiria wa kwanza ongezeni sauti. Oracle Arena imejaa, njano tupu, watu wamesimama wote. Mechi ya saba. Warriors 87, Cavaliers 83, zimebaki dakika tano na nusu hivi, sisi tuko studio macho kwenye runinga, mdomo kwako. Kocha, nikumbushie aliyechelewa.

KOCHA: Ni hivi ndugu yangu, Warriors msimu huu wameshinda mechi 73 wamepoteza 9 tu, wameipiku Chicago ya kina Jordan iliyoshinda 72. Fainali walikuwa mbele tatu kwa moja, na hakuna timu iliyowahi kutoka huko ikachukua fainali. Halafu Draymond Green wao akafungiwa mechi ya tano, LeBron na Kyrie wa Cavaliers wakapiga pointi 41 kila mmoja, ya sita LeBron akarudia 41, haya leo ni tatu kwa tatu.

MTANGAZAJI: Na Green leo karudi na hasira zake, nusu ya kwanza peke yake pointi 22, shuti tano za pointi tatu alizorusha zote ndani! Subiri kocha subiri, LeBron ana mpira, yuko nje ya mstari wa tatu, mbele yake Ezeli wa Warriors, yule mrefu katolewa kwenye nyumba yake kule chini ya ringi kaja kukaba uwanjani, LeBron anazuga, Ezeli anaruka, kaingia! Kagusa! Filimbiiii! Faulo kwenye shuti la tatu, fri throo tatu!

KOCHA: Kosa la kitoto hilo. Mtu mrefu huruki kwa LeBron umbali ule, simama tu nyoosha mkono.

MTANGAZAJI: Ya kwanza... ndani. Uwanja unapiga kelele, vitambaa vinapepea nyuma ya ubao, hajali. Ya pili... ndani. Ya tatu... ndani! 87 kwa 86, pointi moja tu msikilizaji.

Warriors sasa, Curry anavuka nusu, dribo, dribo, anaangalia kulia, anapitisha mpira nyuma ya mgongo wake eeeeh! Umetoka nje! Curry kautupa nje! Hapakuwa na haja hata kidogo, pasi ya kawaida ilikuwepo, yeye katafuta ya mbwembwe mechi ya saba dakika ya tano.

KOCHA: Hiyo wataitazama sana kiangazi hiki.

MTANGAZAJI: Cavaliers wanaanza upya. LeBron tena. Ezeli tena! Jamani wamemwacha na Ezeli tena! LeBron anamtazama, anamsogeza, anarudi, anafyatuaaaa tatu... NDAAAANI! Weweeee! 89 kwa 87, Cleveland mbele! Tatu za mstari, kisha tatu ya mbali, mtu mmoja, pointi sita, sekunde arobaini hazijafika! Kerr, kocha wa Warriors, kakunja uso pale pembeni.

Warriors wanajibu haraka, mpira kwa Klay Thompson, Klay anapenya, anapinda, anaweka kwenye ubao... umezama! 89 kwa 89! Dakika nne na sekunde 39. Haya, sare, vuta pumzi kidogo, maana mimi mwenyewe imekata.

KOCHA: Angalia miguu yao sasa. Mechi ya saba, dakika 43 zimeshapita, shuti zinaanza kuwa fupi, zinagonga mbele ya ringi. Hapo ujue mapaja yamechoka.

MTANGAZAJI: Na kweli kocha, kweli kabisa. Cleveland wanarusha, nje. Warriors wanarusha, nje. Wanakimbia, wanabanana, wanasukumana, ribaundi inagombaniwa na mikono sita, Kevin Love wa Cleveland anaivuta! Love leo yuko kwenye ribaundi kama mtu anayekusanya madeni. Wanarusha tena, nje. Dakika tatu, 89 kwa 89. Dakika mbili na nusu, 89 kwa 89! Ubao wa matokeo umeganda! Timu iliyofunga tatu kuliko timu yoyote katika historia ya ligi hii haipati hata moja, na wa upande wa pili nao vilevile.

Dakika mbili. Kyrie Irving na mpira. Anadunda taratibu, anamsoma mtu wake, anaondoka! Kaingia kati, ananyanyua... nje! Iguodala wa Warriors kaudaka! Iguodala anatimua! Mbele yake Curry, JR Smith wa Cleveland peke yake nyuma, wawili kwa mmoja! Iguodala kwa Curry, Curry anamrudishia, Iguodala anapaa, anamkwepa JR, anaweka... HAPANAAAA! HAPANA! HAPANA! LEBRON! Katoka wapi huyu mtu?! Kaupigilia kwenye ubao! Kaubana! Kaufuta! Mamaaaa yangu! Kapitiwa na wote, kakimbia uwanja mzima, karuka nyuma ya Iguodala, na ule mpira ulikuwa kikapu, kikapu, tayari nilishaanza kusema 91!

KOCHA: Acha nishuke kwenye kiti kwanza.

MTANGAZAJI: Sema kocha, sema, wanarudia kwenye runinga!

KOCHA: Tazama muda. Kama mpira ungegusa ubao kwanza halafu yeye ndo akagusa, refa anapiga filimbi na Warriors wanapewa pointi zao mbili. Yeye kaufikia kabla. Sehemu ya sekunde tu pale. Halafu mtazame JR, watu hawatamtaja, ila yeye ndo kamlazimisha Iguodala apinde shuti hewani, na ule mpindo ndo uliompa LeBron ile nafasi ya kufika.

MTANGAZAJI: Dakika moja na sekunde 50 msikilizaji, bado 89 kwa 89! LeBron anarusha huku anaanguka nyuma... nje! Warriors wanakwenda, Curry tatu... nje! Hakuna anayetaka kombe hili au wote wanalitaka kupita kiasi! Filimbi, taimauti Cleveland. Sekunde 69.

KOCHA: Lue, kocha wa Cleveland, atamtafuta Curry. Sikiliza, kila mara wanafanya mchezo uleule, yule anayekabwa na Curry anakuja kuweka skrini, Warriors wanabadilishana, Curry anabaki na Kyrie. Hawana siri.

MTANGAZAJI: Wanarudi. Kyrie anaudunda. Klay Thompson yuko mbele yake. JR Smith anakuja, skrini, wamebadilishana! Kocha wewe mchawi! Curry na Kyrie, wawili tu, wengine wote wamejitenga. Kyrie anatikisa. Kulia. Anarudi. Kulia tena. Saa inakimbia. Anamsukumia dribo, anachomoka nyuma hatua moja, anapaa, Curry mkono usoni, anaachiaaaaa...

...

TATUUUUU! TATU! KYRIE! Kyrie Irving kutoka ubavu wa kulia! 92 kwa 89! Baada ya karibu dakika nne za ukame, ndani ya nyavu, haijagusa kitu! Sekunde 53! Mwaka jana fainali hizihizi mechi ya kwanza goti lilivunjika akaenda nyumbani na magongo, leo kamuwekea Curry usoni!

KOCHA: Na Kerr hachukui taimauti. Kawaachia wacheze.

MTANGAZAJI: Curry analeta. Anataka tatu, tunajua, Oakland nzima inajua. Skrini, wamebadilishana, sasa Curry kabaki na Kevin Love! Love! Mtu wanayemsema kila siku hawezi kukaba! Curry anamchezea, kushoto, Love yupo. Anatoa kwa Green, anaupata tena. Anazuga, Love haruki. Kulia, Love yupo. Anarudi nyuma, Love yupo! Anarusha kwa nguvu... NJE! Nje! Cleveland wana ribaundi! Weee Kevin Love umekaba leo, umekaba baba!

KOCHA: Miguu chini, mikono juu. Hajaibiwa hata na mzugo mmoja. Ezeli angekuwa anaangalia.

MTANGAZAJI: Mpira kwa Kyrie, anaukalia, anaukalia, sekunde 20, 15, anaingia kati, pasi kwa LeBron, LEBRON ANAPAA ADANKI... Green kampiga hewani! Faulo! Kaanguka vibaya, yuko chini, kashika kifundo cha mkono, mkono wa kulia, mkono wa kurushia! Ule danki ungeingia msikilizaji tungefunga kituo hapahapa.

Sekunde 10.6. LeBron anainuka. Anakunja vidole, anakunjua. Cleveland haijapata ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu 1964, Browns wale, wa mpira wa Kimarekani. Miaka 52. Na huyu ni mtoto wa Akron, jirani tu, aliyeondoka 2010 wakachoma jezi yake, akarudi 2014. Ya kwanza... nje. Kakosa! Kimya hapa studio. Ya pili...

Anapumua.

Ndani! 93 kwa 89! Pointi nne! Nafasi mbili za mpira, maana yake tatu moja haitoshi!

Curry mbio, sekunde nane, tatu... NJE! Wameuokota, wanatoa, Speights anarusha... NJE! Imekwisha! Imekwishaaaa! Cleveland Cavaliers mabingwa! Wametoka moja kwa tatu! LeBron kamkumbatia Love, sasa kapiga magoti, kaweka uso sakafuni analia, analia jamani, mtu wa kilo 113 analia kama sisi wote!

KOCHA: Pointi 27, ribaundi 11, asisti 11. Na ule ubloku hauonekani kabisa kwenye hizo namba tatu.

MTANGAZAJI: Green 32, ribaundi 15, asisti 9, na kapoteza, basi hebu mpeni pole huyo naye, siku nyingine hizo ni namba za kubeba kombe. Kocha una kazi leo?

KOCHA: Saa mbili kamili niko darasani, hisabati kidato cha pili.

MTANGAZAJI: Watoto wape salamu zetu. Ni saa 11 na dakika 40 alfajiri, ujumbe wenu umejaa hapa kwenye simu, kuna mtu anasema mke wake kamfukuza sebuleni kwa kelele, tutausoma. Tangazo moja fupi, halafu tunarudi na kombe lenyewe.