Maelezo ya Dondoo la Nne: Ibn Battuta Akiwa Kilwa, Mwaka 1331

Dondoo ulilosoma ni sehemu ya habari za safari za Ibn Battuta, mwanasheria wa madhehebu ya Maliki aliyezaliwa Tanja mwaka 1304. Alifika Kilwa mwaka 1331, lakini habari zake ziliandikwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, alipokuwa amerudi Moroko, ambako kwa amri ya Sultani Abu Inan alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy, naye akazipanga na kuzipamba kwa lugha ya kiungwana. Tunachokisoma, basi, ni kumbukumbu ya mtu mmoja iliyopitia kalamu ya mwingine ambaye Kilwa hakuifika.

Rudia kisa cha fakiri wa Kiyemeni. Fakiri huyo anamwomba Sultani al-Hasan bin Sulaiman nguo alizovaa, baada ya sala ya Ijumaa, naye Sultani anarudi msikitini, anabadilisha mavazi na kumpa. Mwana wa Sultani anazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, anaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi anakitoa kisa hiki kama ushahidi wa ukarimu, na haishangazi: msafiri kama yeye aliishi kwa takrima za watawala, kwa hiyo mfalme mwema machoni pake ni mfalme mtoaji. Ndiyo maana Daud, aliyerithi kiti baada ya nduguye al-Hasan, anatajwa papo hapo kwa ubahili wake.

Lakini itazame zawadi yenyewe. Watu ishirini wanahesabiwa pamoja na pembe, bila jina, bila kauli, bila kuulizwa walitoka wapi. Jibu limo mistari michache kabla, anaposema kwamba Sultani aliishambulia nchi ya Wazanji na kutenga sehemu ya tano ya ngawira, ambamo lilikuwemo fungu la masharifu. Kwa Ibn Battuta, akiwa kadhi, hiyo ni jihadi na mgao halali. Wazanji wa bara walioshambuliwa hawana nafasi ya kusema chochote katika ukurasa huu, na msomaji makini hana budi kuukumbuka ukimya huo kila anapokutana na neno «ngawira».

Kuhusu mji, anausifu uzuri wake na kusema nyumba zake ni za mbao. Magofu yanaonyesha msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe uliokuwepo tayari wakati huo. Huenda alikumbuka mitaa ya watu wa kawaida, au miaka ilimchanganyia miji. Vyovyote vile, sentensi hiyo isitumike peke yake kuthibitisha ujenzi wa Kilwa. Mahali anapoaminika zaidi ni pale asipokuwa na la kutetea, kama anapodokeza kwamba zawadi za huko huwa pembe za ndovu na kwa nadra dhahabu.