Maoni ya uhakiki: Mwongozo wa Kuwasha na Kutunza Mashine ya Boti, rasimu ya pili

Kwa Fundi Mkuu wa karakana, Kirumba

Ndugu Fundi,

Shikamoo. Rasimu nimeisoma yote, kurasa 24 pamoja na picha. Ufundi wenyewe sina cha kuufundisha. Wewe umezifungua na kuzifunga mashine hizi kabla sijaijua plagi. Nilichokitazama ni mambo matatu: hatua zinafuatanaje, zimeandikwa kwa namna moja au la, na ni hatari gani haijatajwa. Sura ya 5, ya kuhifadhi mashine msimu usio wa kazi, ipo sawa. Irekebishe herufi tu. Shida kubwa ipo sura ya 3, na humo ndimo nimekaa zaidi.

Sura ya 3: Kuwasha

Hivi ndivyo hatua zilivyo sasa:

1. Vuta kamba ya kuwashia kwa nguvu.
2. Gia iwe nyutro kabla ya kuvuta.
3. Ikiwa mashine ni ya baridi, choki inavutwa.
4. Utabonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.
5. Kufungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tenki.
6. Hakikisha mashine imeshushwa majini.

Kijana wa Igombe aliyenunua mashine jana atasoma hatua ya 1 na kuifanya. Hatasoma ya 2 kwanza. Akivuta kamba gia ikiwa imeingia, boti inaruka mbele na aliyesimama nyuma anabaki ziwani. Maneno "kabla ya kuvuta" yamewekwa baada ya kuvuta, kwa hiyo hayamsaidii. Hatua ya 4 na ya 5 nazo zimepishana: skrubu ya hewa ikiwa imefungwa, tenki halivuti hewa, na mashine ikishawaka itakuja kuzimika katikati ya maji kwa kukosa petroli. Na hatua ya 6 ikichelewa, pampu ya maji inazunguka kavu na mpira wake unaungua muda mfupi tu.

Halafu tazama vitenzi. "Vuta" ni amri, "iwe" ni matakwa, "inavutwa" haisemi nani anavuta, "utabonyeza" ni wakati ujao, "kufungua" ni kichwa cha habari. Msomaji anayesoma kwa shida, huku boti inayumba, anahitaji kila hatua ianze na neno la kumwambia mkono ufanye nini. Napendekeza hivi:

ONYO: Mashine ikiwaka gia ikiwa imeingia, boti itaruka na mtu anaweza kuanguka majini. Vaa jaketi la kuokolea. Waketishe wote kabla ya kuwasha.

1. Shusha mashine mpaka tundu la kunyonyea maji lizame.
2. Funga kamba ya kuzimia kwenye mkono wako, kisha pachika klipu yake kwenye swichi.
3. Fungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tenki.
4. Unganisha mpira wa mafuta na mashine.
5. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.
6. Weka gia nyutro.
7. Vuta choki ikiwa mashine ni ya baridi.
8. Tazama nyuma yako, kisha vuta kamba ya kuwashia.
9. Rudisha choki mashine ikishashika moto.
10. Tazama maji yanayotoka kwenye tundu la nyuma. Yasipotoka, zima mashine mara moja.

Hatua ya 2, ya 4, ya 9 na ya 10 ni mpya. Kamba ya kuzimia rasimu nzima haijaitaja, ingawa inaonekana wazi kwenye picha ya 2, ikining'inia bila kufungwa kwa mtu. Piga picha hiyo upya. Mvuvi ataamini picha kuliko maandishi.

Sura ya 2: Mafuta

Ukurasa wa 7 unasema mchanganyiko ni 50:1. Jedwali la ukurasa wa 8 linasema mililita 200 za oili kwa lita 20 za petroli. Hiyo ni 100:1. Kwa 50:1, lita 20 zinataka mililita 400. Mtu akifuata jedwali kwenye mashine inayotaka 50:1, pistoni itakosa ulainisho na mashine itanoki. Kila aina ya mashine ina kiasi chake, na mpya huwa inataka oili zaidi mwanzoni, kwa hiyo thibitisha kwenye kitabu cha mtengenezaji kisha uandike namba moja kila mahali. Ikiwa ni 50:1, ongeza kwamba chupa ya nusu lita ya oili inatosha lita 25. Vikombe vya kupimia mililita sijaviona Mwaloni.

Sehemu ya kujaza tenki ina sentensi moja: "Jaza mafuta kwenye tenki." Onyo hakuna kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kulala chini ya boti, mahali hasa ambapo wavuvi wa dagaa huweka jiko la mkaa na betri za taa. Andika hivi kabla ya hatua ya kwanza:

HATARI: Mvuke wa petroli hujikusanya chini ya boti na hulipuka. Zima mashine, jiko, karabai na sigara. Toa tenki nje ya boti na ulijazie nchi kavu.

Kisha hatua: usijaze mpaka juu, maana petroli hutanuka juani, futa iliyomwagika, funga kifuniko, ndipo urudishe tenki botini.

Sura ya 4: Matengenezo madogo

"Ondoa magugu maji na nyavu kwenye panga." Hapa ndipo vidole vinapokwenda. Mtu akilizungusha panga kwa mkono gia ikiwa imeingia, mashine inaweza kushika moto. Hatua za kutangulia ni: zima mashine, chomoa klipu ya kamba ya kuzimia, chomoa waya wa plagi, weka gia nyutro, inua mashine. Baada ya hapo ndipo magugu maji yaguswe. Kisu kitumike kwa kukata kuelekea nje ya mwili.

Kitu hicho hicho kinaitwa "panga" ukurasa wa 11, "feni" ukurasa wa 13 na "propela" kwenye picha. Chagua "panga", ndilo la mwaloni.

Picha ya 9 inaonyesha mashine ikijaribiwa kwenye pipa la maji ndani ya banda lenye mlango mmoja. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. Pipa litolewe nje, na onyo liwekwe juu ya picha.

Maneno ya onyo

Rasimu inatumia "ZINGATIA" kwa kila kitu, kuanzia kifo mpaka rangi kuchubuka. Tugawe: HATARI kwa litakaloua, ONYO kwa linaloweza kuua au kulemaza, TAHADHARI kwa jeraha dogo, ANGALIZO kwa kinachoharibu mashine tu. Yote yakae juu ya hatua, kamwe yasikae chini yake wala ukurasa wa mwisho kama yalivyo sasa. Yasiwe mengi pia. Ukurasa wa 15 una "ZINGATIA" saba, na hakuna atakayesoma ya nne.

Ukishasahihisha, kabla ya kwenda kwa mchapaji, mpe rasimu mtu ambaye hajawahi kuwasha mashine, pale pale mwaloni, boti ikiwa imefungwa kwa kamba. Wewe kaa karibu na usiseme neno isipokuwa unaona hatari. Weka alama kila atakapogeuza kichwa kukuuliza.

Nakala yenye kalamu nyekundu nimemwachia karani wako. Swali la oili ndilo la haraka, kwa sababu jedwali hilo nimeambiwa limeshabandikwa dukani, libandue leo.

Mhariri