Magemu ya Ami

Ami karudi Wete mwezi uliopita, miaka 11 kakaa Maskati, kaja na sanduku la halua na mashine yake ya gemu kaifunga kwenye kanzu tatu kama mtoto mchanga. Mle ndani magemu 64, yote kanunua kwa riali zake mwenyewe, hakuna la wizi.

Siku ya mwanzo kadi ya benki ya kule ikagoma, imeshakufa, basi akaenda kwenye setingi akabadilisha nchi ya duka akaweka Tanzania, akabonyeza kubali kubali bila kusoma (na nani anasomaga yale?). Kufungua laibrari, magemu yote yana kikufuli. Kurudisha nchi ya zamani hawezi mpaka awe na kadi ya kule na anwani ya kule.

Akawapigia huduma kwa wateja, dakika 40 anasikilizishwa muziki, mwisho kijana anamwambia, "Mzee, ulinunua leseni tu, gemu lenyewe si lako."

"Leseni? Kwani nimenunua gari?"

Mimi nikacheka, bibi akanikata jicho.

Usiku akapekua sanduku, chini ya halua akakuta diski moja ya gemu la mpira, kuukuu, ina mikwaruzo. Kaichomeka, ikawaka.

"Njoo mwanangu, chukua rimoti hiyo. Mimi nacheza na Brazili."

Umeme ukakatika dakika ya 12, anaongoza yeye moja bila.