Muhtasari wa kanuni za kikundi cha kuweka akiba na kukopa kwa mwanachama mtarajiwa

Ndugu mwombaji, soma haya kabla hujalipa kiingilio cha shilingi 5,000, kwa sababu hakirudishwi. Tupo wanachama 25, tunakutana kila Jumamosi saa 9 alasiri, na mzunguko mmoja ni wiki 52. Wapya huingia mwanzo wa mzunguko tu.

Katika kila mkutano unanunua hisa 1 hadi 5, kila moja shilingi 2,000. Hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chako mbele ya wote. Hakikisha idadi ya mihuri kabla kitabu hakijarudi sandukuni. Usimpe kiongozi fedha mtaani, hata mweka hazina. Migogoro mingi ya vikundi huanzia hapo: fedha imetoka mkononi mwako, kitabuni haipo, na shahidi hakuna. Ukisafiri, mtume mtu na fedha yako mkutanoni. Mbali na hisa, kila wiki kuna shilingi 500 ya mfuko wa jamii. Mfuko huu humpa mwanachama aliyefiwa 50,000 na aliyelazwa 30,000. Haugawanywi.

Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi.

Faini: kuchelewa 500, kukosa bila taarifa 1,000, simu kuita kikaoni 500. Hulipwa papo hapo. Isipolipwa, hununui hisa siku hiyo.

Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, kwa wadhamini wawili. Riba ni asilimia 5 kwa mwezi ya deni lililobaki, muda ni miezi mitatu. Ukikopa 300,000 utarejesha 115,000, kisha 110,000, kisha 105,000. Ukichelewesha rejesho, faini ni asilimia 5 ya rejesho hilo. Zikipita wiki nne tunakata hisa zako. Zisipotosha, tunakata za wadhamini. Kwa hiyo usimdhamini mtu kwa kuona haya. Baada ya wiki ya 38 hatukopeshi, na madeni yote yafungwe wiki ya 50, maana mgao hauwezekani fedha ikiwa bado nje.

Wiki ya 52 tunavunja mzunguko. Fedha yote ya hisa, riba na faini inagawanywa kwa jumla ya hisa. Tuseme kuna hisa 4,000, sawa na 8,000,000, na riba na faini zimeleta 1,200,000. Jumla ni 9,200,000, kila hisa inapata 2,300. Mwenye hisa 150 aliweka 300,000, anaondoka na 345,000. Faida inapanda na kushuka kulingana na mikopo iliyotoka, hivyo asikuahidi mtu kiwango.

Ukijitoa katikati, unarudishiwa hisa ulizonunua bila faida, baada ya wiki mbili, deni likiwa limekatwa. Ukikubali haya, njoo mkutano wa kwanza wa mzunguko ujao na kitambulisho, picha mbili, na jina la mrithi wako.

Katibu